Demo imekufa mbele ya jopo: rilei inanguruma, LCD imeganda, na mstari wa kufuta flagi UPO

binti_solda

Wakuu habari za jioni. Leo tulikuwa na demo ya projekti ya mwaka wa mwisho, mimi na mwenzangu mmoja, mashine ya kutotoleshea vifaranga, na tumeaibika mpaka chakula cha mchana hakikupita. Nakileta kisa kizima maana supavaiza katupa mpaka ijumaa turudi tena.

Mashine yenyewe ni boksi la plaiwudi, balbu mbili za kupasha, DS18B20 ya kupima joto, LCD ya mistari miwili, na trei ya mayai inayoinama kushoto saa moja, kulia saa inayofuata. Trei inasukumwa na mota ndogo ya gia, rilei ndo inageuza upande na kuna swichi mbili za kukata mota trei ikifika mwisho. Toleo la kwanza lilikuwa kwenye Arduino Uno, likafanya kazi mwezi mzima wala halikutusumbua. Wiki mbili kabla ya demo supavaiza akasema Uno ni ya watoto wa sekondari, hamieni STM32, tukanunua ile bodi ndogo ya bluu yenye STM32F103C8 tukahamisha programu.

Sasa leo. Tumewasha, LCD ikaandika KARIBU, hapo hapo rilei ikaanza kunguruma, sio ile tik ya kawaida, ni mngurumo kama nyuki wamefungiwa kwenye kopo, trei inatetemeka mayai yanagongana (tuliyachemsha kwa hiyo hayakupasuka, lilikuwa wazo la mwenzangu, hapo nampa maua yake). Joto haliandikwi. Kitufe cha kugeuza trei hakijibu. Nikabonyeza riseti, KARIBU, mngurumo. Nikabonyeza tena, KARIBU, mngurumo. Mzee mmoja wa jopo akauliza "hii inatotolesha au inakaanga?" ukumbi mzima ukacheka.

Taima inatakiwa iite intarapti mara moja kwa sekunde, ikifika 3600 rilei inabadili upande. Programu ndo hii, nimepunguza:

```c
void TIM2_IRQHandler(void) {
    sekunde++;
    sekunde_mpya = 1;
    if (sekunde >= 3600) {
        sekunde = 0;
        GPIOB->ODR ^= (1 << 12);   // rilei
    }
}

while (1) {                        // ndani ya main
    if (sekunde_mpya) {
        TIM2->SR = 0;              // futa flagi
        sekunde_mpya = 0;
        onesha_joto();
    }
}
```

Na kabla hamjaniambia flagi haijafutwa, flagi INAFUTWA, angalieni pale kwenye main.

volti_tano

Rilei kunguruma ni umeme huo dada. Mnalisha rilei na bodi kutoka chaja moja ya simu, rilei ikivuta umeme unashuka, bodi inajiriseti, rilei inaachia, bodi inawaka tena, mzunguko huo huo. Wekeni kapasita ya 470 µF karibu na rilei au mtenganishe umeme. Mimi nimeliona hili mara kumi.

Fundi_Pampu

Hata mimi taima inanisumbua. Nina pampu ya kisima nyumbani, taima nimeiweka iwashe saa 11 alfajiri izime saa 12, siku hizi inawasha inavyotaka yenyewe hata usiku wa manane. Fundi wa kwanza kasema ni betri ya ndani. Hiyo flagi mnayosema inakaa wapi, ni ile waya nyekundu?

msafiri_c13

Mimi ndo mwenzake. Naomba niweke rekodi sawa, mimi tangu mwanzo nilisema waya, ila baada ya demo tulibadili rilei, tukabadili chaja, tukalisha bodi kwa laptopu na rilei kwa chaja yake peke yake. Mngurumo ule ule. Kwa hiyo volti_tano, kapasita imeshashindwa kabla hujaileta. Halafu bodi ingekuwa inajiriseti KARIBU ingekuwa inapepesa, yenyewe imetulia tuli.

mzee_rejista

Vijana, hiyo hoja ya KARIBU kutopepesa ndo ya kwanza yenye akili kwenye uzi huu. Bodi haijiriseti, ipo hai na ina shughuli nyingi tu, ila sio shughuli mliyomtuma.

Binti nijibu mawili. KARIBU inaandikwa kabla au baada ya kuwasha intarapti ya taima? La pili, mna ST-Link hapo? Kama ipo ingia kwenye debaga, acha programu ikimbie, halafu bonyeza kusimamisha, uone imesimama kwenye mstari gani na `sekunde` ina namba ngapi. Fanya mara tano, sio mara moja.

binti_solda

Shikamoo mzee. KARIBU inaandikwa kabla, mstari unaofuata ndo `NVIC_EnableIRQ(TIM2_IRQn)`. ST-Link ipo ila mwenzangu kaondoka nayo, nitamfuata hosteli.

msimbo_safi

Tatizo ni `volatile`. Kama `sekunde_mpya` haina `volatile` kompaila inaona main haikiweki 1 popote, inakisoma mara moja inakiweka mfukoni, haikisomi tena milele. Main inazunguka bure, LCD inaganda. Weka volatile uje unishukuru.

msafiri_c13

Ipo kaka. `volatile uint32_t sekunde; volatile uint8_t sekunde_mpya;` tulikuja nazo kutoka kwenye Uno.

mzee_rejista

Msimbo_safi ugonjwa ulioutaja upo na dalili ya LCD ingekuwa hiyo hiyo, sikukatalii. Lakini ungekuwa huo intarapti ingeendelea kuja mara moja kwa sekunde kama kawaida na rilei ingekaa kimya saa nzima. Hapa rilei inanguruma. Ukisimamisha debaga kwenye ugonjwa wako unaikuta ndani ya `while`, ngoja tuone hawa wataikuta wapi.

binti_solda

Marahaba yangu sijaipata ila nasamehe 😂 Nimerudi. Nimesimamisha mara sita. Zote sita ipo ndani ya `TIM2_IRQHandler`, haijawahi hata mara moja kuwa main. Na `sekunde` inasoma 2817, 41, 1950, 3304, 877, 1206. Kati ya kusimamisha na kusimamisha ni kama sekunde tatu nne tu!! Hiyo saa inaenda wapi?

mzee_rejista

Marahaba mwanangu, niwie radhi, nilikuwa nimeshikilia shughuli.

Sasa sikiliza. Taima ikifika mwisho wa hesabu inainua flagi ya UIF kwenye `TIM2->SR`. Ile flagi ni kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango halafu haondoi kidole. Prosesa inaacha main inaingia kwenye handla, inafanya kazi yenu, inataka kurudi main, inakuta kidole bado kipo kwenye kengele, inaingia tena. Na tena. Kwenye chipu hii hakuna mtu wa kumwondolea kidole zaidi ya programu yenu.

Na programu yenu inakiondoa, kweli, mstari upo. Lakini mmeuweka main. Ili main ifike kwenye ule mstari lazima kwanza handla iache kuitwa, na ili handla iache kuitwa lazima main ifike kwenye ule mstari. Mmefungia ufunguo ndani ya nyumba mkabaki nje.

binti_solda

Uwiiii. Nimeuangalia huo mstari masaa matano.

Lakini mzee mbona kwenye Uno ilifanya kazi? Mpangilio ulikuwa huu huu kabisa, handla inaweka `sekunde_mpya`, loop ndo inafuta. Sikubadili hata nafasi, nilitafsiri mstari kwa mstari.

msafiri_c13

Nathibitisha, ya Uno niliandika mimi:

```c
ISR(TIMER1_COMPA_vect) {
    sekunde++;
    sekunde_mpya = 1;
    /* ... */
}
// kwenye loop():
TIFR1 = (1 << OCF1A);
```

Taima 1, prescaler 1024, OCR1A 15624, na 16 MHz inatoa sekunde kamili. Ilifanya kazi mwezi mzima.

mzee_rejista

Ilifanya kazi, na ule mstari wako wa `TIFR1` haukuhusika. Kwenye AVR, prosesa ikiingia tu kwenye handla ya COMPA chipu yenyewe inashusha OCF1A. Ulikuwa unafuta ubao ambao umeshafutwa. Ungeutoa ule mstari mashine isingejua. Wewe ukaurithisha, mwenzio akautafsiri kwa uaminifu kwenda kwenye chipu ambako ndo una kazi ya kufanya, lakini ukiwa mahali pasipofaa.

Tena AVR ina upole mwingine. Hata flagi ingebaki juu, AVR ikitoka kwenye handla lazima itekeleze amri moja ya programu kuu kabla haijaingia tena. Kwa hiyo loop yako ingesogea amri moja moja, inatambaa kama konokono, lakini ingekuja kuufikia mstari. Cortex-M3 haina huruma hiyo. Ikikuta intarapti inasubiri inaunganisha mwisho wa handla na mwanzo wa handla bila hata kurudi kuchukua vitu vyake main. Main yenu haikupata hata amri moja tangu KARIBU.

msafiri_c13

Kwa hiyo kosa ni langu kwa asili na la kwake kwa tafsiri. Nakubali nusu.

lojiki_ya_bei_chee

Wakuu mimi nimevutiwa na huo mngurumo. Nina bodi kama hiyo na lojiki analaiza ya chanel nane, nimepandisha programu ya dada kama ilivyo nikachomeka kwenye pini ya rilei. Pini inageuka kila baada ya milisekunde 3 hivi. Maana yake "saa moja" yenu inaisha ndani ya milisekunde 3. Kwa 72 MHz hizo ni mizunguko 216,000, gawa kwa 3600 unapata mizunguko 60 kwa kila kuingia na kutoka kwenye handla. Badala ya mizunguko milioni 72 kwa sekunde moja mnatumia 60.

Nikapiga na hesabu ya vifaranga. Siku 21 ni masaa 504, mara milisekunde 3. Mnatotolesha kwa sekunde moja na nusu 😂😂

volti_tano

Hahaha hiyo mashine nainunua. Ila hapo naona na rilei yenyewe kwanini inanguruma, kuwaka milisekunde 3 kuzima milisekunde 3 ni kama mara 160 kwa sekunde, ulimi wa rilei haupati muda wa kufika upande wowote vizuri, unatetemeka katikati. Hiyo ndo sauti ya nyuki. Kapasita naiondoa.

mzee_rejista

Kapasita iache, siku moja itahitajika, ila sio kwa ugonjwa huu. Na nyie wawili mshukuru ilikuwa 3600. Kama kwa ajili ya demo mngepunguza iwe 10, pini ingegeuka maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, rilei isingesikika hata kidogo, mngekuwa na mashine iliyoganda kimya na msingejua pa kuanzia. Hapo dawa ya mtu asiye na lojiki analaiza ni multimita tu. Weka kwenye pini, ikisoma kama volti 1.65 imetulia, sio 0 wala 3.3, ujue pini haijasimama katikati, inaruka haraka kuliko multimita inavyoweza kuona na inakupa wastani.

binti_solda

Dah, kuna siku tulijaribu taima peke yake tukageuza LED ya kwenye bodi ndani ya handla, ikawaka hafifu hafifu hivi muda wote. Mwenzangu akasema "inawaka, taima ipo sawa" tukaendelea na LCD.

msafiri_c13

Nilisema inawaka. Ilikuwa inawaka.

msimbo_safi

Suluhisho basi, hamisha `TIM2->SR = 0;` uweke mstari wa mwisho ndani ya handla. Kwisha.

binti_solda

Nimehamisha. WAKUU INAFANYA KAZI, joto linaandikwa 37.4, kitufe kinajibu, rilei imenyamaza, nimepiga kelele hosteli wakadhani kuna nyoka.

Ila kuna kitu kimoja. Nimeweka sekunde kwenye kona ya LCD, inahesabu 2, 4, 6, 8. Inaruka mbili mbili. Mara chache sana inaenda moja.

msimbo_safi

Hiyo ni saa ya taima. Basi ya APB1 inakwenda 36 MHz ila taima zake zinalishwa mara mbili, 72. Mmekosea prescaler, kwa hiyo inakimbia mara mbili. Weka PSC mara mbili ya hiyo.

msafiri_c13

PSC ni 7199 na ARR ni 9999. 72 MHz gawa 7200 gawa 10000 ni sekunde moja. Nimehesabu kwa vidole na kwa kikokotoo.

mzee_rejista

Msimbo_safi habari ya mara mbili ni ya kweli na imewaangusha wengi, lakini soma dalili. Saa ya taima ikiwa mara mbili, LCD ingeonesha 1, 2, 3, 4 kila nusu sekunde. Hapa inatulia sekunde nzima halafu inaruka mbili. Maana yake handla inaitwa mara mbili zikifuatana papo hapo, kisha kimya.

Kinachotokea ni kwamba mmefuta flagi kwenye mstari wa mwisho kabisa. Prosesa imetoa amri ya kuandika na haisubiri, inaendelea kutoka kwenye handla. Amri yenyewe bado ipo njiani inavuka kwenda kwenye basi ya taima. Prosesa inatoka mlangoni inachungulia kengele, kidole bado hakijaondoka, inaingia tena mara moja. Safari ya pili flagi imeshashuka. Ndo hiyo mbili mbili.

Futa flagi mstari wa kwanza wa handla, kazi nyingine zifuate, hapo amri inapata muda wa kufika.

```c
void TIM2_IRQHandler(void) {
    TIM2->SR = ~TIM_SR_UIF;
    sekunde++;
    /* zilizobaki */
}
```

lojiki_ya_bei_chee

Nimejaribu zote mbili kwenye analaiza, nimeweka pini inainuka nikiingia inashuka nikitoka. Flagi ikifutwa mwisho naona mipigo miwili imebanana kisha sekunde nzima ya utupu. Ikifutwa mwanzo ni mpigo mmoja. Mzee uishi.

msimbo_safi

Sawa nimekubali. Lakini mbona mzee umeandika `= ~TIM_SR_UIF` na sio `&= ~TIM_SR_UIF`? Ya kwanza si inaweka 1 kwenye flagi nyingine zote?

mzee_rejista

Kwenye rejista hii kuandika 1 hakufanyi kitu, ni 0 tu inayofuta. Kwa hiyo `= ~TIM_SR_UIF` inagusa UIF peke yake. Ukiandika `&=` prosesa inasoma kwanza, inabadili, inarudisha, na kama katikati ya kusoma na kurudisha flagi nyingine ya taima hiyo hiyo imeinuka, wewe unarudisha 0 juu yake, umemfuta ambaye hujamhudumia. Hawa wanatumia UIF tu, haiwaumi, na hata `= 0` yao ingetosha. Lakini siku wakiongeza kusoma mpigo kwenye chanel ya taima hiyo hiyo watakuja kulia hapa tena.

Na usiibebe hiyo kwenda Uno, kule ni kinyume, unaandika 1 ili kufuta. Kila chipu ina mila zake, fungua kitabu chake sehemu ya rejista ya hali uone wameandika inafutwa na nani na kwa nini.

kisima_cha_data

Mimi nimekutana na ndugu yake huyu kwenye UART ya chipu hiyo hiyo. Nimewasha intarapti ya kupokea, moduli ya GPS inamwaga data, siku debaga imesimama kidogo baiti zikapandana, ORE ikainuka. Handla yangu ilikuwa inaangalia RXNE tu, kwa hiyo wakati mwingine inaingia haikuti RXNE inatoka, inaingia inatoka, imeganda hivyo hivyo. Na ORE haifutwi kwa kuandika, unasoma SR halafu DR. Nilitafuta siku mbili.

Binti kwenye handla ongeza pia `__DSB()` mwishoni, hapo hata ukifuta mwisho haijirudii.

mzee_rejista

`__DSB()` inasaidia mara nyingi, ila mimi siitegemei. Inahakikisha amri imetoka kwa prosesa, kuvuka mpaka wa basi ya taima ni habari nyingine. Nikilazimika kufuta mwisho huwa nasoma `TIM2->SR` tena baada ya kuandika, maana kusoma lazima kusubiri kuandika kuishe.

kisima_cha_data

Kwangu imetosha mwaka wa pili huu mzee, tutabishana siku nyingine.

volti_tano

Swali. Wangeweka watchdog si ingewaokoa mbele ya jopo?

lojiki_ya_bei_chee

Ingewaokoa na nini? Ingeriseti, KARIBU, mngurumo, ingeriseti, KARIBU, mngurumo. Kazi ambayo dada aliifanya kwa kidole.

volti_tano

Angalau KARIBU ingepepesa wangejua ni programu 😅

binti_solda

Ijumaa imepita. Flagi juu ya handla, sekunde inaenda 1, 2, 3. Safari hii 3600 tumeipunguza ikawa 20 ili waone trei inageuka yenyewe, mzee nilikumbuka maneno yako nikapima pini kwa multimita kabla hatujaingia, 0, halafu 3.3, halafu 0. Tik, trei kushoto. Tik, trei kulia. Yule wa "inakaanga" akauliza kwanini Uno ilifanya kazi na hii haikufanya, mwenzangu akajibu bila kuniangalia, kama vile alizaliwa anajua.

Kimoja kimebaki. Tukiwasha, joto la kwanza kabisa linaandikwa 85, linalofuata ndo 37 na kitu. Jopo halikuliona.

mzee_rejista

85 ndo namba DS18B20 inaamka nayo kabla haijapima. Mnaisoma mapema, yenyewe inataka mpaka milisekunde 750 kwa biti 12. Ila kama inatokea hata katikati ya siku, nitumieni mchoro wa waya, hapo huenda msafiri ana haki.

msafiri_c13

NILISEMA WAYA.

Fundi_Pampu

Kwa hiyo ya kwangu ya kisima flagi naiweka juu?

volti_tano

Mzee wangu ya kwako badili betri, yule fundi wa kwanza alikuwa sahihi.